Krimu na Sabuni Bandia: Picha Isiyoonyesha Viambato ni Onyo



Mama mmoja wa Pemba ametuletea swali pamoja na picha tatu za simu. Binti yake anaolewa baada ya wiki sita, na jirani anayeuza kwa njia ya WhatsApp amempa bei ya "seti ya bibi harusi": sabuni moja, kopo moja la krimu ya uso na chupa ndogo ya mafuta ya mwili. Picha ya kwanza inaonyesha makopo kwa mbele. Ya pili ni ya sabuni ikiwa imefungwa kwenye nailoni. Ya tatu ni ya mwanamke mwenye uso mweupe akitabasamu. Mama ameuliza mambo mawili: je, seti hii ni salama, na je, muuzaji ana haki ya kukataa kusema kilichomo? Nyumbani kwao pia yupo dada mkubwa wa binti, ananyonyesha mtoto wa miezi minne, naye ameomba kuonjeshwa hiyo krimu.

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu, maana picha kama hizi zinapita kwenye simu za familia zetu Unguja, Pemba, Mafia na Lamu kila siku, na zaidi zinapokaribia siku za harusi na sikukuu. Hukumu ya kubadilisha rangi ya ngozi yenyewe ni mlango mwingine, na hatutaufungua leo. Leo tunazungumzia usalama, na hasa namna ya kuisoma picha kabla ya kutoa pesa.

Picha tatu, na hakuna inayosema kilichomo

Tuzitazame tena picha za huyu mama. Mbele ya kopo pameandikwa jina la krimu, maneno ya kusifu, na ahadi ya kung'ara ndani ya siku saba. Hatuoni popote orodha ya viambato, yaani vitu vilivyochanganywa kutengeneza krimu ile. Hatuoni jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya bechi, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Sabuni nayo haina hata karatasi.

Mtu anaweza kusema kuwa huenda maandishi yapo nyuma na muuzaji hakupiga picha tu. Inawezekana, na ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuomba picha ya nyuma ya kopo, si kumshutumu mtu. Lakini mpaka picha hiyo ije, mnunuzi analo jambo moja tu la uhakika: anauziwa kitu cha kupaka usoni bila kujua ni nini. Muuzaji mwenye bidhaa halali hapati tabu yoyote kugeuza kopo na kupiga picha. Anayetoa sababu tatu nne za kutoligeuza amekwisha kukujibu.

Sababu hizo tunazijua sote. Yupo anayesema boksi lilitupwa ili kupunguza mzigo wa Dubai. Yupo anayesema ni dawa ya asili tupu, haina kemikali, kwa hiyo haihitaji maandishi. Na yupo anayesema ni siri ya biashara. Hii ya mwisho inawadanganya wengi, basi tuieleze. Kipodozi hutakiwa kitaje majina ya vilivyomo, lakini hakitakiwi kitaje kipimo cha kila kimoja wala namna kilivyopikwa. Siri ya mtengenezaji iko kwenye vipimo na upishi. Majina hayana siri. Anayeficha majina hafichi ufundi wake, anaficha kitu ambacho ungekijua usingenunua, au yeye mwenyewe hajui alichokijaza kwenye kopo.

Kitu kinachofichwa mara nyingi ni zebaki

Krimu ya kulainisha ngozi haina haja ya kuficha chochote. Inayong'arisha kwa siku chache ndiyo yenye la kuficha, kwa sababu vitu vinavyofanya kazi hiyo haraka vinajulikana na vimepigwa marufuku au vinahitaji cheti cha daktari. Vikubwa ni vitatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali.

Zebaki ndiyo ya kuogopwa zaidi. Rangi ya ngozi yetu inatokana na melanini, na mwili huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Chumvi za zebaki zinakizuia kimeng'enya hicho, hivyo ngozi mpya inatoka ikiwa na rangi hafifu. Kwa macho ya mtumiaji, krimu "imefanya kazi". Lakini zebaki haibaki juu ya ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu, na inakusanyika kwenye figo. Figo zikidhurika huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Mtu anaona mkojo una povu lisilokwisha haraka, asubuhi macho yamevimba, jioni miguu imejaa. Wengine wanapata mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu, usahaulifu, na ganzi ya vidole. Hakuna anayefikiria krimu, kwa sababu uso wake unang'ara.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliolazwa kwa ugonjwa huo wa figo kuvujisha protini. Walipowauliza walichokuwa wakipaka, 32 kati yao walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha zenye zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wengine waliolazwa hospitali, watumiaji walikuwa kiasi cha 11 kwa kila 100. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaonyesha madaktari mahali pa kutazama.

Sabuni nazo zimo. Sabuni za zebaki zilizouzwa Afrika kwa miaka mingi zilikuwa na kiasi cha asilimia 1 mpaka 3 ya chumvi ya zebaki iitwayo aidodi ya zebaki. Watu hudhani sabuni haina neno kwa kuwa inaoshwa, lakini wanaoitumia kung'arisha huipaka povu lake na kuliacha likauke usiku kucha. Kwa hiyo usiione sabuni ya kwenye seti kuwa ni nyongeza isiyo na madhara.

Zebaki haimdhuru anayepaka peke yake. Inapita kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto tumboni, na inapita kwenye maziwa. Mtoto anayelala kifuani mwa mama yake anaigusa kwenye shingo, kwenye khanga na kwenye foronya. Nchini Marekani wamepatikana watoto wenye zebaki kwenye mkojo ambao hawakupakwa krimu hata siku moja. Waliishi tu nyumba moja na aliyekuwa akiipaka. Kwa ajili hiyo tunamwambia yule dada anayenyonyesha, kabla ya mtu mwingine yeyote: usionje.

Haidrokwinoni inapauza ngozi kwa muda, kisha kwa wanaoitumia miaka mingi inaweza kuleta mabaka ya bluu na weusi mashavuni, ambayo ni magumu sana kuondoka. Steroidi kali, kama `Clobetasol Propionate`, ni dawa ya kweli ambayo daktari huiandika kwa ugonjwa wa ngozi, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo na isizidi gramu 50 kwa wiki. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi na michirizi inatokea, na kila ukijaribu kuacha uso unawaka. Hapo mtu anadhani ngozi yake inaihitaji krimu, na anarudi dukani.

Kopo la jina zuri: kisa cha Sacramento

Wapo watakaosema: sisi hatununui mkorogo wa kwenye kopo tupu, tunanunua krimu za majina makubwa. Kwa hao tunaeleza kisa kilichotokea katika mji wa Sacramento, California, mwaka 2019, ambacho wakuu wa afya wa huko walikichunguza na kukichapisha.

Mwanamke wa miaka 47 alikwenda hospitali akilalamika mikono yake haina nguvu na inamchoma kama sindano. Wiki mbili baadaye alilazwa. Maneno hayatoki vizuri, macho hayaoni sawasawa, hawezi kutembea bila kuyumba. Kisha akachanganyikiwa kabisa. Madaktari walipopima damu walikuta zebaki mikrogramu 2,620 kwa lita, na kwa mtu wa kawaida haifiki 5. Familia ikasema alikuwa akipaka krimu mara mbili kwa siku kwa miaka saba. Krimu hiyo ililetwa kutoka Meksiko kwa mkono wa mtu waliyefahamiana naye, kwenye kopo lenye jina la kampuni inayojulikana duniani.

Krimu ilipopimwa ilikutwa na zebaki sehemu 12,000 kwa milioni, yaani gramu 12 katika kila kilo. Tuipige hesabu kwa kopo la kawaida la gramu 50: zebaki iliyomo ni gramu 0.6. Kiwango ambacho mataifa yalikuwa wamekiweka katika Mkataba wa Minamata kuwa ndio mwisho kwa kipodozi, tangu mwaka 2020, kilikuwa 1 kwa milioni. Kopo lile lilizidi kiwango hicho mara 12,000. Mwaka 2023 nchi wanachama wa mkataba zilikubaliana kuondoa hata kile kiwango kidogo, ili kuanzia 2025 kusiwe na kipodozi kinachotiwa zebaki kabisa.

Zaidi ya wingi, zebaki ile ilikuwa ya aina ya kikaboni, ambayo inaelekea kwenye ubongo. Mwanamke yule alipewa dawa za kuitoa zebaki mwilini, lakini miezi kadhaa baadaye alikuwa bado hawezi kusema wala kujihudumia.

Tunachojifunza hapa ni mambo mawili. La kwanza, jina la mbele ya kopo haliwi dhamana, kwa sababu kopo linaweza kujazwa upya au kuchanganywa na kitu kingine baada ya kutoka kiwandani. Basi njia iliyolileta kopo ina uzito sawa na maandishi yake. La pili, maandishi yanapokosekana au yanaposema uongo, daktari naye anakuwa gizani. Vipimo vya kawaida vya damu havitafuti zebaki. Ni lazima daktari aiombe, na ataiomba tu akiwa na sababu. Orodha ya viambato ni ya mnunuzi leo, na ni ya daktari kesho mtu akiugua.

Namna ya kuisoma picha ya nyuma

Turudi kwa mama wa Pemba. Tuseme ameomba picha ya nyuma na muuzaji ameleta. Afanye nini?

Kwanza aikuze picha mpaka herufi zisomeke. Kama ni ukungu, au stika ya bei imebandikwa juu ya maandishi, au picha imekatwa hapo hapo penye orodha, basi ahesabu kuwa hakuonyeshwa kitu, aombe nyingine iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana. Aombe pia picha ya chini ya kopo na ya boksi lake. Namba ya bechi na tarehe ya kwenye boksi zilingane na zile za kwenye kopo. Zikitofautiana, kopo hilo halikutoka kiwandani na boksi lile.

Pili atafute neno `Ingredients`. Orodha ya kweli ina mpangilio: kilicho kingi hutangulia, kilicho kidogo hufuata, na vile vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote mwishoni. Krimu nyingi huanza na maji, kwa hiyo utaona kitu mfano wa hiki:

`Ingredients: Aqua, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Glyceryl Stearate, Phenoxyethanol, Parfum`

`Aqua` ni maji. `Glycerin` huweka unyevu. `Cetearyl Alcohol` na `Glyceryl Stearate` ni vitu vya mfano wa nta na mafuta vinavyoshikanisha maji na mafuta yasitengane. Neno `Alcohol` hapo lisikutie wasiwasi wa pombe. Ni kitu kigumu cheupe kinacholainisha ngozi, wala hakilevyi. `Phenoxyethanol` huzuia krimu isiote ukungu, na `Parfum` ni manukato. Huna haja ya kuyajua majina yote. Unachotafuta ni kuona kwamba krimu imeelezwa nzima.

Sasa ilinganishe na hii, ambayo ndiyo ya aina inayoonekana sana kwenye seti za harusi: "Vitamini C, kolajeni, gluta, waridi, maziwa ya mbuzi." Hiyo ni tangazo lililovaa nguo za orodha. Hakuna maji, hakuna mafuta, hakuna cha kuvishikanisha wala cha kuzuia ukungu. Krimu haiwezi kutengenezwa kwa vitu hivyo pekee, kwa hiyo aliyeandika ameacha sehemu kubwa ya kilichomo. Kwa sabuni ni vivyo hivyo. Sabuni ya mche lazima iwe na mafuta yaliyogeuzwa sabuni, na kwenye lebo utayakuta kwa majina kama `Sodium Palmate` au `Sodium Cocoate`. Orodha ya sabuni iliyotaja papai, manjano na asali tu haijataja sabuni yenyewe.

Tatu atafute majina mabaya. Kwa zebaki, majina ya kuangalia ni `Mercury`, `Mercuric`, `Mercurous Chloride`, `Calomel`, `Ammoniated Mercury` na `Mercurio`, au alama `Hg`. Kwa haidrokwinoni ni `Hydroquinone`. Kwa steroidi ni `Clobetasol`, `Betamethasone` na mengine yanayofanana na hayo. Ukiyaona, mazungumzo ya ununuzi yameishia hapo.

Ipo pia alama moja ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya krimu haziitaji zebaki, lakini zinaandika kwamba mtumiaji asiache krimu iguse dhahabu, fedha, mpira, alumini au vito. Zebaki inashambulia madini hayo, na mtengenezaji anajua. Mama zetu wanaovaa bangili na herini za dhahabu wajiulize: kitu kinachoogopewa kugusa dhahabu kitapakwaje shavuni kwa mtoto wa watu?

Tuseme wazi na mipaka ya njia hii. Orodha nzuri haithibitishi kwamba krimu ni salama, maana kisa cha Sacramento kimetuonyesha kopo lenye jina zuri na sumu ndani. Zebaki haionekani kwa macho kwenye krimu wala haina harufu ya kukutambulisha, na hakuna kipimo cha nyumbani cha kutegemewa. Kinachothibitisha ni maabara. Orodha ni mlango wa kwanza tu: isiyokuwepo inatosha kukataa, iliyopo inakupeleka kwenye swali linalofuata, yaani nani ameileta, kwa njia gani, na je, imesajiliwa. Zanzibar swali hilo linaulizwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Tanzania Bara, pamoja na Mafia, ni Shirika la Viwango, TBS. Kwa ndugu zetu wa Lamu ni KEBS. Zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, kwa hiyo hutakuwa unasumbua ofisi kwa jambo dogo.

Kama mtu amekwisha kuipaka

Hapa ndipo ukosefu wa viambato unapouma kweli. Krimu ya zebaki inatakiwa iachwe leo hii. Krimu ya steroidi kali iliyopakwa mwili mzima kwa miezi, mwili unaweza kuwa umezoea kuitegemea, na kuiacha ghafla bila usimamizi kunaweza kuleta udhaifu, kizunguzungu na kutapika. Kopo lisilo na maandishi halikwambii umeshika ipi. Hata njia ya kuacha hujui.

Ushauri wetu ni huu: acha kupaka, na uende hospitali mara moja badala ya kungojea nyumbani uone itakuwaje. Mwambie daktari jina la krimu kama lipo, umeipaka wapi, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Usione haya, daktari hakukuuliza ili akuhukumu. Chukua kopo lenyewe na picha zote za muuzaji. Omba mkojo upimwe protini, kipimo ambacho ni rahisi, na presha ipimwe. Mueleze kwamba una shaka ya zebaki ili aamue kama sampuli ya mkojo au damu ipelekwe maabara kubwa. Usikawie, kwa sababu zebaki hupungua mwilini kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita, na kipimo kikichelewa huweza kuonyesha kidogo kuliko kilichokuwepo. Kama nyumbani yuko mjamzito, anayenyonyesha au mtoto mdogo, watajwe nao. Na mama anayenyonyesha amuulize daktari kuhusu kunyonyesha kabla ya kuamua lolote mwenyewe.

Kopo usilitupe jaani, usimwage krimu chooni au karibu na kisima, na zaidi ya yote usilichome pamoja na taka za uani. Zebaki ikipata moto inageuka mvuke, na mvuke huo ukivutwa puani unaingia mwilini haraka kuliko krimu ilivyokuwa ikiingia kwenye ngozi. Lifunike kopo, litie ndani ya mfuko wa nailoni, ufunge, kisha mfuko wa pili, uweke mbali na watoto na jikoni mpaka ulikabidhi hospitali au kwa ZFDA. Taulo na foronya zilizopakaa krimu zitengwe kwa njia hiyo hiyo, wala zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Haki ya mnunuzi, na wajibu wa muuzaji

Imebaki sehemu ya pili ya swali la mama. Je, muuzaji ana haki ya kukataa kusema kilichomo? Katika sheria yetu, anayeuza kitu chenye kasoro anayoijua analazimika kuibainisha, na kuificha ni ghishi. Mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa baada ya kununua, ana hiari ya kurudisha bidhaa na kurudishiwa pesa zake. Sumu ndani ya krimu ni kasoro kubwa kuliko tundu kwenye kitambaa, na wanachuoni wametaja ghishi kwa mambo madogo kuliko hayo.

Muuzaji asiyejua kilichomo naye hana udhuru wa kutosha. Wengi wa dada zetu wanaouza kwenye simu hawana nia mbaya. Wamepokea mzigo kwa mtu, naye kaupokea kwa mtu. Kwao tunasema kwa upole: kabla hujaweka picha, geuza kopo wewe mwenyewe. Kama hukuona orodha, mrudishie aliyekuletea. Riziki iliyopita kwenye figo za mtoto wa jirani haina baraka.

Mama wa Pemba alimwandikia yule jirani yake na kumuomba picha ya nyuma. Alijibiwa kwamba boksi halipo, lakini "kila mtu anatumia". Seti hakuinunua. Ametuambia binti atasingwa kwa liwa na dalia kama alivyosingwa yeye siku yake, na kwamba liwa yenyewe atasaga nyumbani kwa mkono wake, ili ajue kilichomo.

Wallahu a'lam.